Nguo ya Tonga, Ngozi ya Samoa

Desemba 1965, Malkia Sālote Tupou wa Tatu wa Tonga alifariki akiwa Auckland, New Zealand, na mwili wake ukarudishwa nyumbani kwa ndege. Chini ya jeneza lake palitandikwa nguo ya magome ya mti yenye urefu wa meta 23 hivi. Haikuwa imetengenezwa kwa ajili ya msiba. Wanawake wa Tonga waliitengeneza 1953, Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alipozuru visiwa vyao. Nguo iliyompokea mgeni mkubwa kuliko wote ndiyo iliyomsindikiza mwenyeji wake miaka 12 baadaye, na leo imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya New Zealand, Te Papa, mjini Wellington.

Mtalii akiiona ukutani huuliza alama zake zina maana gani. Mtonga huanza kwingine. Hutaka kujua urefu wake, ilitoka mikononi mwa akina nani, ilitandikwa mbele ya nani, na baada ya shughuli ilichukuliwa na nani. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayobeba ukoo na cheo. Ni vivyo hivyo kwa jirani zao wa Samoa, ila kwa Wasamoa maswali hayo huulizwa zaidi juu ya ngozi ya binadamu.

Tonga na Samoa ni majirani katika Bahari ya Pasifiki. Lugha zao ni ndugu, na koo zao za kifalme zimeoana kwa karne nyingi. Zamani kila upande ulikuwa na sanaa zote mbili, nguo ya magome na tatuu. Lakini leo Tonga ndiyo yenye nguo nyingi na Samoa ndiyo inayosifika kwa tatuu. Sababu za kutengana huko zinaeleza vizuri jinsi sanaa hizi zinavyofanya kazi.

Mti usiozaa mbegu

Nguo ya Tonga iliyokwisha kupambwa huitwa ngatu. Hutokana na mti wa jamii ya mforsadi ambao asili yake ni Asia ya Mashariki. Wataalamu wa vinasaba wameufuatilia hadi kusini mwa Taiwan, walikotoka mababu wa mabaharia wa Pasifiki. Karibu miti yote ya visiwani ni majike, kwa hiyo haizai mbegu. Huoteshwa kwa machipukizi ya mizizi tu, maana yake kila shamba la Tonga ni mwendelezo wa mche uliobebwa na mtu ndani ya mtumbwi.

Mche hukatwa ukiwa na umri wa mwaka mmoja au miwili, ungali mwembamba na umenyooka. Mkulima mwangalifu huwa amekwisha kung'oa machipukizi ya pembeni tangu mapema, kwa sababu kila palipoota tawi patakuwa tundu katika nguo. Gome huchunwa kwa mvuto mmoja kutoka shinani hadi juu, la nje likagwanguliwa, na la ndani, jeupe na laini, likakaushwa kisha kulowekwa. Hapo ndipo kazi ya nyundo inapoanza. Mwanamke huketi mbele ya gogo lililosawazishwa, akapiga gome kwa nyundo ya mbao yenye pande nne. Kwanza hutumia upande wenye mifereji, unaotawanya nyuzi, kisha upande laini, unaozisawazisha. Ukanda wenye upana wa vidole vichache hufunguka pole pole ukawa mpana mara kadhaa. Vijiji vya Tonga vinajulikana kwa mlio huo wa nyundo.

Wasomaji wa Uganda watautambua ufundi huu. Waganda nao hupiga gome la mutuba kwa nyundo za mifereji, na ufundi wao umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu. Kwao pia nguo ilitenga vyeo: ya watu wa kawaida ilibaki na rangi ya udongo, ya wafalme na machifu ikatiwa nyeupe au nyeusi. Tofauti kubwa iko kwenye mti. Mutuba huchunwa ukiwa umesimama, ukafunikwa, na gome likaota tena. Mti wa Tonga hukatwa wote, kwa hiyo nguo kubwa humaanisha shamba kubwa na mikono mingi.

Mikono hiyo huonekana wakati wa kuunganisha. Wanawake wa kikundi huketi pande mbili za meza ndefu iliyobinuka mgongo. Juu yake wamefunga vibao vya ruwaza, vilivyoshonwa kwa majani na vijiti vya mnazi, vikaacha mistari iliyoinuka. Hutandaza tabaka la kwanza la magome, wakapaka gundi ya wanga, kisha tabaka la pili likilalia upande mwingine ili nguo isipasuke. Halafu husugua kwa kitambaa kilicholowa rangi ya kahawia iliyokamuliwa kutoka magome ya mti wa koka. Ruwaza hujitokeza kutoka chini, kama sarafu inavyojitokeza mtoto anapoiweka chini ya karatasi na kusugua kwa penseli. Kipande kikikamilika huvutwa mbele, kingine kikaanza, mpaka nguo ifikie urefu uliokusudiwa. Ikishakauka, mistari hukolezwa kwa mkono kwa rangi nzito iliyo karibu na nyeusi.

Kipande kimoja kinachopita juu ya meza huitwa langanga, nacho ni kipimo cha heshima. Mistari inayotenganisha vipande huonekana wazi, na mara nyingi namba huandikwa pembezoni ili anayepokea ahesabu mbele ya watu. Nguo ya vipande 50 huwa na meta 23 hivi, na hiyo ndiyo saizi ya nguo ya 1953. Iko pia ya vipande 100. Mtu akitoa nguo ya namna hiyo, hakuna haja ya kutangaza kwamba ukoo wake una mashamba na wanawake wanaosikilizana. Nguo imekwisha kusema.

Ruwaza nazo zina daraja. Ya njia ya misunobari inayoelekea ikulu ya Nuku'alofa, na ya nembo ya taifa, zinahusishwa na ufalme. Ipo nyingine ya kale, ya pembetatu zinazokutana ncha kama ndege wawili warukao, ambayo imehusishwa na mtu mwenye uzao wa kichifu kwa baba na kwa mama. Nguo iliyotiwa weusi karibu yote, kwa masizi ya kokwa za mafuta, zamani ilikuwa ya watu wa daraja la juu.

Shangazi kichwani pa marehemu

Lakini ruwaza peke yake haitoshi kuonyesha ukoo. Ukoo huonekana siku nguo inapotandikwa. Chukua msiba wa mzee wa kawaida kijijini Tonga. Ili kuuelewa, inatosha kujua kanuni moja: katika familia ya Tonga dada ana daraja la juu kuliko kaka yake, awe mkubwa au mdogo kwa umri. Kwa hiyo shangazi, dada wa baba, humzidi daraja baba mwenyewe, na watoto wa shangazi huwazidi watoto wa mjomba.

Mzee akifariki, mtu mmoja wa upande huo wa juu, shangazi wa marehemu au mmoja wa uzao wake, au mtoto wa dada yake, huketi karibu na kichwa cha maiti. Cheo chake huitwa fahu. Hapiki na hafanyi kazi yoyote. Nje, kwenye matanuri ya ardhini, wako watoto wa marehemu na jamaa wa upande wa wajomba zake. Hawa wamejifunga mikeka mikubwa iliyochakaa, mingine ikiwafika kifuani, na hawasogei karibu na maiti. Mgeni asiyemjua mtu hata mmoja anaweza kusoma nasaba ya familia nzima kwa kutazama ukubwa na uchakavu wa mikeka. Aliyejifunga mkeka mchakavu zaidi ndiye wa chini zaidi mbele ya marehemu huyu.

Nguo za magome na mikeka laini ya majani ya mkadi huletwa na kutandazwa mbele ya watu. Baada ya mazishi, iliyo bora hupelekwa kwa fahu. Nyingine hugawanywa kwa machifu, viongozi wa dini na jamaa, na nguo ndefu hukatwa kwa kufuata mistari ya langanga. Kipande kilichokatwa hakijapoteza thamani. Kitakunjwa na kuhifadhiwa, kisha kitatoka tena kwenye arusi au msiba mwingine, na wazee watakumbuka kilitoka kwa nani na katika shughuli ipi.

Cheo hiki pia hubadilika kila siku ya msiba. Mwanamke anayeketi leo kama fahu kichwani pa mtoto wa mjomba wake, kesho kwenye msiba wa upande wa shangazi yake atakuwa jikoni amejifunga mkeka uliochanika. Hakuna aliye wa juu au wa chini moja kwa moja, isipokuwa katika koo za kichifu, ambako daraja limeganda kwa vizazi. Kwa hiyo nguo hupanga upya mahusiano kila inapotandikwa.

Siku za kichana na kijiti

Samoa, kazi hiyo ya hadharani imebaki kwenye ngozi. Mwanamume huchorwa kuanzia kiunoni hadi chini ya magoti, mchoro mzito uitwao pe'a. Mwanamke huchorwa kuanzia juu ya mapaja hadi nyuma ya magoti, mistari myepesi yenye nafasi, uitwao malu. Hadithi ya Wasamoa husema kwamba dada wawili mapacha, Taema na Tilafaiga, waliileta sanaa hii wakiogelea kutoka Fiji, wakiimba kwamba wanawake ndio wachorwe. Njiani walipiga mbizi kufuata chaza, na walipoibuka wimbo ulikuwa umegeuka: wanaume ndio wachorwe.

Mchoraji huitwa tufuga, na ufundi wake ni mali ya familia. Nyumba mbili zinatambuliwa tangu kale kuwa na haki hiyo, Sā Su'a na Sā Tulou'ena. Zana zake ni vichana vya upana mbalimbali, zamani vya pembe za nguruwe au mifupa, vilivyofungwa kwenye kipande cha gamba la kasa na mpini wa mti. Kichana kikichovywa kwenye wino wa masizi, hugongwa kwa kijiti kwa mapigo ya haraka yanayolingana. Wasaidizi huketi pande zote, wakivuta ngozi na kufuta damu. Ngozi iliyolegea ikipigwa, mstari hupinda na wino hutawanyika, na hakuna namna ya kuusahihisha.

Kazi huanza mgongoni, kwa mchoro wa mtumbwi unaoweka mpaka wa juu, kisha hushuka matakoni, mapajani na magotini, na kuishia kitovuni. Huchukua vikao vingi vya saa kadhaa, na jumla yake huwa siku kumi au wiki kadhaa kulingana na mwili unavyovumilia. Kijana wa kichifu zamani hakulala peke yake kwenye mkeka. Alitafutiwa mwenzake wa kuchorwa naye, wagawane maumivu, na ukoo ukalipia wote wawili. Siku ya kumaliza, mwili hupakwa mafuta ya nazi na manjano, na tufuga hulipwa. Malipo ya heshima ni mikeka laini, pamoja na chakula na fedha, na ukoo huyatoa hadharani.

Hapa msomaji anayetafuta siri za alama hukwama. Mpangilio wa pe'a ya mtoto wa chifu na wa kijana wa kawaida kwa sehemu kubwa ni ule ule. Tofauti hukaa kwenye mambo yanayouzunguka mchoro: nyumba ya tufuga aliyeitwa, mikeka iliyotolewa, mwenzake aliyelala naye, na ukoo uliokusanyika. Mwenye pe'a huhesabiwa kuwa tayari kuwatumikia machifu katika baraza, kuwaandalia na kuwagawia kinywaji cha kava. Na Samoa, ukubwa hupatikana kwa kutumikia kwanza.

Ndiyo maana mchoro ulioachwa nusu ni fedheha kubwa. Upo msemo kamili wa kumtaja mtu wa namna hiyo, pe'a mutu, yaani iliyokatika. Aibu haimwangukii peke yake. Watu huuliza kama ukoo wake ulishindwa kumlipa tufuga, au kama damu yao haina uvumilivu. Kwa sababu hiyo wazee hawamruhusu kijana aanze mpaka wawe na hakika na moyo wake na mikeka yao.

Mtu asiyeguswa

Kama alama huonyesha cheo, tungetarajia mkubwa kuliko wote awe na alama nyingi kuliko wote. Tonga ilikuwa kinyume. William Mariner, kijana wa Kiingereza aliyesalimika baada ya meli yake kutekwa huko 1806 na kuishi visiwani karibu miaka minne, alieleza kwamba Tu'i Tonga, mtawala mtakatifu wa nchi, hakuchorwa kama wanaume wengine. Mwili wake ulikuwa mtakatifu kiasi kwamba hakuna Mtonga aliyekuwa na daraja la kumwaga damu yake. Wanaume wote waliomzunguka walikuwa na alama, naye ngozi yake ikabaki tupu, na utupu huo ulijulisha cheo chake kuliko mchoro wowote.

Hilo linaonyesha jinsi ya kusoma sanaa hizi. Tatuu ilikuwa ngao na ushahidi wa mtu anayepanda ngazi ya utumishi. Aliyezaliwa juu ya ngazi hakuihitaji.

Karne ya 19 ndiyo iliyotenganisha majirani hawa. Wamisionari walipinga tatuu katika nchi zote mbili. Tonga iliunganishwa chini ya mtu mmoja, Taufa'āhau, aliyebatizwa na kutawala kama Mfalme George Tupou wa Kwanza, na sheria zake zikapiga marufuku kuchora mwili. Alikuwa na nguvu ya kuzitekeleza, na tatuu ikafifia. Nguo haikuwa na dosari machoni pa kanisa, hivyo shughuli zote za ukoo zikaegemea kwayo. Samoa haikuwa na mfalme mmoja. Wachungaji wa kijiji hiki wakikataza, kijana alivuka hadi kijiji kingine. Tatuu ikadumu. Nguo ya magome ya Wasamoa, siapo, ndiyo iliyopungua, kwa sababu mikeka laini ilikuwa tayari imeshika nafasi ya kwanza katika zawadi za heshima, na pamba ya dukani ikachukua nafasi yake katika mavazi ya kila siku. Leo mafundi wa siapo ni wachache.

Si Pasifiki yote iliyofuata njia hii. Kwa Wamaori wa New Zealand mchoro wa uso, moko, ulichongwa kwa patasi hadi ngozi ikabaki na mifereji, na kila uso ulikuwa na mpangilio wake. Chifu Te Pehi Kupe alipokuwa Uingereza 1826 aliweza kuuchora uso wake mwenyewe kwenye karatasi kwa kumbukumbu tu. Chifu Hongi Hika aliutumia mchoro wa moko yake kutia sahihi kwenye hati ya ardhi. Huko alama yenyewe ilimtambulisha mtu, jambo ambalo pe'a haifanyi.

Ruwaza bila malipo

Leo tatuu imerudi Tonga, vijana wakijifunza kwa mabingwa wa Samoa. Vichana vingi sasa ni vya chuma cha pua, vinavyoweza kusafishwa kwa mvuke, kwa sababu pembe hunyonya damu na haisafishiki vizuri, na kidonda cha mwili mzima kikiingia vijidudu huweza kuua. Watonga walioko Auckland, ambako mti wa nguo haupatikani kwa urahisi, hutumia kitambaa cha kiwandani badala ya tabaka moja au yote mawili ya magome. Ukiishika utaitambua: ni nyepesi, inakunjika bila mlio, na haina viraka vya matundu. Wapo wanaoipokea, wapo wanaosema haifai kutandikwa mbele ya mkubwa. Ubishi huo ni wa kikazi kabisa. Wanabishana kuhusu kiasi cha jasho ambacho zawadi inapaswa kubeba.

Agosti 2013 kampuni ya Nike iliondoa sokoni suruali za mazoezi za wanawake zilizochapishwa ruwaza za pe'a, baada ya Wasamoa kulalamika. Wengi nje ya Pasifiki walidhani tatizo ni kunakili mchoro. Wasamoa walisema zaidi ya hapo: ruwaza ya wanaume ilikuwa imewekwa mwilini mwa wanawake, bila tufuga, bila damu, bila mikeka, bila ukoo uliosimama upande wa aliyevaa. Suruali ilikuwa na mistari yote, lakini haikuwa na hata jambo moja kati ya yale yanayoipa mistari hiyo cheo.